Mapigo ya asubuhi, usingizi, miguu na hisia: namna ya kujua mazoezi yamekuzidi

Mtu anayejiandaa kwa marathoni lazima achoke. Ukikimbia kilomita 28 Jumapili, miguu ya Jumatatu itakuwa mizito, na hilo ndilo lengo la mazoezi: mwili unasumbuliwa kidogo, unapumzika, unarudi ukiwa imara zaidi. Tatizo linaanza pale uchovu wa Jumapili unapokuwa bado upo Alhamisi, halafu unaongezewa wa Jumapili nyingine.

Mwaka 2013 vyama viwili vikubwa vya sayansi ya michezo, kimoja cha Ulaya na kingine cha Marekani, vilitoa tamko la pamoja kuhusu jambo hili. Walitenganisha hali tatu. Kuna uchovu wa mazoezi makali unaoisha ndani ya siku chache hadi wiki mbili hivi, na baada yake unakimbia vizuri kuliko mwanzo. Kuna uliovuka mpaka, ambao unakula wiki kadhaa na hauachi faida yoyote nyuma yake. Halafu kuna mwili kuzidiwa kabisa, ambapo mtu anapoteza miezi, wakati mwingine msimu mzima. Ugumu ni kwamba siku ya kwanza hali zote tatu zinafanana. Kinachozitofautisha ni muda wa kupona, na hilo unalijua ukiwa umeshachelewa. Ndiyo maana inafaa kuwa na daftari linalokuonyesha mwelekeo mapema, na maelezo yanayofuata ni ya namna ya kulitunza na kulisoma.

Hatua ya kwanza: jua kawaida yako

Hakuna namba moja ya mapigo inayomfaa kila mtu. Mkimbiaji mmoja anaamka na mapigo 44 kwa dakika, mwingine 62, na wote wawili ni wazima. Namba unayoihitaji ni yako, na unaipata kwa kupima kila asubuhi kwa wiki mbili ambazo mazoezi ni ya kawaida, huumwi na hujasafiri.

Pima ukiwa bado umelala chali, kabla hujakaa wala kushika simu. Kama kengele imekushtua, tulia dakika moja au mbili kwanza. Kama mkojo umebana, nenda, kisha rudi ulale dakika tano ndipo upime. Weka ncha za vidole viwili, cha shahada na cha kati, upande wa ndani wa kifundo cha mkono, chini ya kidole gumba. Usitumie kidole gumba kupimia, kwa sababu kina mapigo yake yanayoweza kukuchanganya.

Hesabu dakika nzima. Wengi huhesabu sekunde 15 na kuzidisha mara nne, na hapo ndipo daftari linapoharibika: ukikosea pigo moja tu, umeongeza au umepunguza manne, na manne ndiyo karibu tofauti yote tunayoitafuta. Ukiwa na haraka, hesabu sekunde 30 na kuzidisha mara mbili, lakini usishuke chini ya hapo.

Mwenye saa inayopima mapigo usiku anaweza kuitumia, mradi asichanganye. Saa nyingi hutoa namba ya wakati wa usingizi mzito, ambayo huwa chini kuliko ile ya kuamka. Chagua njia moja ubaki nayo.

Tuseme siku saba za kwanza umepata 52, 50, 53, 51, 52, 54 na 51. Jumla ni 363, gawa kwa saba, unapata karibu 52. Fanya hivyo kwa wiki ya pili pia. Angalia vilevile namba zinavyochezacheza: hapa zinapanda na kushuka kati ya 50 na 54, kwa hiyo asubuhi ya 54 haina habari yoyote ndani yake.

Hatua ya pili: ongeza safu tatu zisizohitaji kifaa

Pembeni ya mapigo andika alama tatu, kila moja kuanzia 1, ambayo ni mbaya sana, hadi 5, ambayo ni nzuri sana: usingizi, miguu, hisia. Usingizi na hisia ziandike palepale kitandani. Miguu iandike baada ya kupanda ngazi au kutembea kidogo, kwa sababu ukiwa umelala miguu yote ni miepesi.

Wakimbiaji wengi huziona safu hizi tatu kama mambo ya kubahatisha na kuamini namba ya mapigo peke yake. Mimi naona ni kinyume. Tangu miaka ya 1980 watafiti wa Marekani waliowafuatilia waogeleaji waliona kwamba kadiri mzigo wa mazoezi unavyopanda, hisia za mtu zinaharibika hatua kwa hatua, na mzigo ukipunguzwa zinarudi. Mara nyingi hisia husema mapema kuliko mapigo. Hivyo usiandike 4 kwa sababu unataka iwe 4.

Kwenye *usingizi*, idadi ya saa ni sehemu tu. Dalili yenye uzito ni mwili uliochoka kabisa unaokataa kulala. Umekimbia sana, umelala saa tatu usiku, na saa nane au tisa usiku macho yamefunguka, moyo unaenda mbio kidogo, shuka limelowa jasho ingawa hakuna joto kubwa. Sehemu ya mishipa ya fahamu inayouandaa mwili kwa mapambano imebaki imewaka wakati ilipaswa kuzima. Usiku mmoja wa namna hiyo baada ya mazoezi ya kasi ya jioni si ajabu. Usiku wa tatu mfululizo ni dalili.

Kwenye *miguu*, tenganisha maumivu na uzito. Maumivu ya misuli unayasikia ukiibonyeza au ukishuka ngazi. Yanakuja siku moja au mbili baada ya kuteremka mlima au kufanya zoezi jipya, kisha yanaondoka yenyewe. Uzito ni kitu kingine. Huna mahali panapouma, lakini mguu hauna wepesi, unaunyanyua kwa kuulazimisha, na kilima kidogo cha kila siku kimekuwa kirefu. Kipimo chake ni dakika 15 hadi 20 za mwanzo: miguu iliyolala tu huchangamka ukishapata joto, ila iliyozidiwa inabaki vilevile au inazidi kuwa mizito.

Kwenye *hisia*, usitafute huzuni kubwa. Angalia mambo madogo: unawakaripia watoto kwa jambo la kawaida, chakula hakikuvutii, unatamani mvua inyeshe ili upate sababu ya kutotoka. Mtu anayependa kukimbia akianza kutamani visingizio, andika 2. Ukiweza, muulize unayeishi naye. Yeye huona mapema kuliko wewe.

Hatua ya tatu: soma safu zote nne pamoja

Asubuhi moja yenye mapigo mengi haikuambii kitu. Chakula kizito cha usiku wa manane, pombe, kahawa ya jioni, maji kidogo, usiku wa joto la Dar es Salaam au Mombasa bila feni, wasiwasi wa kikao cha kesho, vyote hupandisha. Kwa mwanamke, nusu ya pili ya mzunguko wa hedhi hupandisha mapigo machache, kwa hiyo linganisha na wiki kama hiyo ya mwezi uliopita. Aliyetoka pwani akaenda kufanya mazoezi Iten, kwenye mita karibu 2,400, ataona mapigo yamepanda siku za mwanzo kwa sababu ya hewa nyepesi, na asihukumu chochote mpaka azoee. Mwezi wa Ramadhani nao uwe na kawaida yake, maana saa za kulala zimehama na maji ya mchana hayapo.

Ninachokitumia ni hiki. Mapigo yakizidi kawaida yako kwa matano au zaidi kwa asubuhi tatu mfululizo, na angalau safu mbili kati ya zile tatu zimeshuka kwa alama mbili, acha mazoezi makali siku hiyohiyo. Usisubiri wiki iishe. Mipaka hii ni ya kazi tu, haikuchongwa kwenye jiwe, lakini inakuzuia kubishana na nafsi yako kila asubuhi.

Mapigo yakiruka ghafla kwa kumi au zaidi asubuhi moja, fikiria ugonjwa kabla ya mazoezi. Weka kipimajoto. Homa hupandisha mapigo kwa karibu kumi kwa kila nyuzi moja ya Selsiasi, na kwetu homa maana yake ni kwenda kupima malaria leo, siyo kupumzika nyumbani ukisubiri miguu iwe myepesi. Kukimbia ukiwa na homa ni hatari kwa moyo.

Kisa kimoja, siku kwa siku

Mkimbiaji mmoja wa kikundi chetu, mwalimu wa sekondari Arusha, alikuwa anajiandaa kwa Kilimanjaro Marathon, ambayo hufanyika Moshi mwishoni mwa Februari au mwanzoni mwa Machi. Kawaida yake ni mapigo 52 na alama 4 karibu kila mahali. Desemba alikuwa anakimbia kilomita 45 kwa wiki. Januari akapanda 55, kisha 65, kisha 72, na katika wiki hizohizo shule zikafunguliwa, akawa anaamka saa kumi alfajiri ili akimbie kabla ya kazi. Wiki aliyoipangia kilomita 72 daftari lake lilisomeka hivi:

Jumatatu: mapigo 53, usingizi 4, miguu 3, hisia 4
Jumanne: mapigo 54, usingizi 3, miguu 3, hisia 3
Jumatano: mapigo 57, usingizi 3, miguu 2, hisia 3
Alhamisi: mapigo 58, usingizi 2, miguu 2, hisia 2
Ijumaa: mapigo 58, usingizi 2, miguu 2, hisia 2
Jumamosi: mapigo 60, usingizi 2, miguu 1, hisia 2

Jumanne mapigo bado yamo ndani ya mchezo wake wa kawaida, ila usingizi na hisia vimeanza kuteleza. Ijumaa asubuhi masharti yote yametimia: asubuhi tatu za 57 kwenda juu, na safu zote tatu zimeshuka alama mbili.

Jambo lililomchanganya lilitokea Jumatano jioni, kwenye mazoezi ya kasi ya mita 1,000 mara sita. Kwa kawaida kila duru hukimbia kwa dakika 4 na sekunde 30, na mapigo hufika 172. Siku hiyo duru ya nne ilimchukua dakika 4 na sekunde 42, pumzi imekata, na saa ikaonyesha 164 tu. Akahitimisha kwamba hajajituma, maana moyo haukufika juu. Akapanga kurudia zoezi lote Ijumaa.

Mtego huu huwanasa wengi. Mwili uliozidiwa na mazoezi unaweza kuwa na mapigo mengi asubuhi kitandani na, kwenye mbio, mapigo machache kuliko kawaida. Moyo unashindwa kupanda unapotakiwa kupanda. Ukiiangalia saa peke yake utadhani umeimarika, kwamba kasi ileile sasa inataka mapigo machache. Kinachofichua ukweli ni kujiuliza zoezi limekuwa gumu kiasi gani, kwa alama 1 hadi 10. Mbio za taratibu za kilomita tano kwenye njia yake ya kila siku, ambazo huzipa 3, wiki ile alizipa 6, na saa ilionyesha mapigo manne pungufu. Mapigo yakishuka na ugumu ukashuka, hayo ni maendeleo. Mapigo yakishuka na ugumu ukapanda, simama.

Ijumaa hakurudia zoezi. Joto la mwili lilikuwa 36.5, kipimo cha haraka cha malaria hakikuonyesha vimelea, na hemoglobini ilikuwa 13.1, ambayo ni sawa kwa mwanamke. Jumamosi alitembea tu. Mbio za kilomita 28 za Jumapili zikafutwa, akapumzika kabisa Jumapili, Jumatatu na Jumanne, akala wali, viazi na ndizi bila kupunguza, akaingia kitandani saa tatu usiku kila siku.

Mapigo hayakushuka mara moja. Jumatatu yalikuwa 59, Jumanne 57, Jumatano 55. Hisia zilirudi mwanzo, Jumatano akaandika 4. Miguu ilikuwa ya mwisho: mpaka Ijumaa bado ni 2, ingawa alikuwa ametembea tu na kukimbia kilomita tano za taratibu sana. Jumapili ya pili mapigo yakarudi 52 na zile kilomita tano zikarudi kwenye alama 3. Angeanza mazoezi ya kasi Jumatano kwa sababu amechangamka, angerudi palepale. Kuchangamka ni habari njema, lakini subiri miguu nayo ikubali.

Hatua ya nne: kupunguza na kurudi

Daftari likikuambia usimame, anza na siku mbili au tatu bila kukimbia. Kutembea kunaruhusiwa. Kisha siku nne au tano za mbio fupi za taratibu, nusu ya kilomita zako au pungufu, kwa mwendo unaokuwezesha kuongea sentensi nzima. Kula vya kutosha, hasa vyakula vya wanga. Wakimbiaji wengi ninaowaona wamezidiwa hawajazidisha kilomita peke yake, wamepunguza chakula pia ili wawe wepesi, na mwili usio na chakula haujijengi hata ukilala kutwa.

Safu zote nne zikirudi na kukaa siku tatu, rudisha umbali kwanza, kasi baadaye. Mwalimu wetu alifanya wiki nzima ya kilomita 35, zote za taratibu, ndipo akagusa mita 1,000, tena mara tatu badala ya sita. Kilomita zilizopotea hazilipwi. Anayejaribu kubana mazoezi ya wiki mbili ndani ya moja ataliona daftari lilelile tena. Kwa mpango unaofuata, baada ya kila wiki tatu za kupanda weka wiki moja ya kushuka kwa theluthi moja hivi, kabla mwili haujaidai.

Pale daftari linapofika mwisho wake

Mapigo ya asubuhi yaliyo chini si cheti cha uzima. Wakimbiaji wa mbio ndefu waliozidiwa kwa miezi wanaweza kuingia hali tofauti: mapigo ya asubuhi ni ya kawaida au hata chini ya kawaida, wanalala sana, hawakereki, ila wamepoa, hawana hamu ya kitu, na kasi imepotea. Mtu huyu akitazama mapigo peke yake anasema niko fiti. Safu za miguu na hisia ndizo zitakazomwambia.

Wiki mbili za kupumzika na kula vizuri zisipoleta mabadiliko, nenda kwa daktari ukiwa na daftari mkononi. Hakuna kipimo kimoja cha damu kinachosema mazoezi yamekuzidi. Daktari hufika hapo baada ya kuondoa mengine yanayofanana nayo, na ni mengi: upungufu wa damu, akiba ndogo ya madini ya chuma hata kabla damu haijapungua, matatizo ya tezi ya thairoidi, kisukari, maambukizi yaliyojificha. Omba picha nzima ya damu na kipimo cha feritini, kinachoonyesha akiba ya chuma mwilini, na umweleze unakimbia kilomita ngapi kwa wiki, kwa sababu wengi hawatauliza. Mwanamke ambaye hedhi imekatika miezi mitatu, na hana mimba, aseme hilo mwanzoni kabisa. Mara nyingi ni ishara kwamba chakula hakitoshi kwa mazoezi anayofanya, na mifupa yake ndiyo inayolipa.

Hisia nazo zina mpaka. Zikibaki chini wakati mapigo, usingizi na miguu vimerudi, au ukifika mahali pa kuona maisha hayana maana, hilo si suala la kilomita tena. Mwambie mtu wa karibu siku hiyohiyo na utafute mhudumu wa afya.

Na kuna dalili ambazo hazisubiri asubuhi tatu wala alama zozote: maumivu ya kifua ukikimbia, kuzimia au kutaka kuzimia katikati ya zoezi, mapigo yanayorukaruka bila mpangilio, pumzi kukata ukiwa umekaa. Hapo acha kukimbia na uende hospitali siku hiyohiyo, ukapimwe moyo.